Kereng'ende mnene au mwembamba? Jinsi ya kuamua kwa mabawa na macho katika picha za bwawani

Picha uliyopiga bwawani iko mbele yako. Tete limechomoza majini, juu yake ametua mdudu mwenye mwili mrefu na mabawa manne ya kung'aa. Wengi wetu tutasema ni kereng'ende, na hatutakuwa tumekosea. Ila jina hilo moja linabeba makundi mawili. Wote wamo katika oda ya Odonata, lakini kundi moja huitwa Anisoptera, yaani wenye mabawa yasiyolingana, na la pili Zygoptera, yaani wenye mabawa yaliyofungwa pamoja kama ng'ombe wa nira. Katika mwongozo huu nitawaita wa kwanza kereng'ende wanene na wa pili kereng'ende wembamba, kwa sababu ndivyo wanavyoonekana mara nyingi unapowaweka bega kwa bega.

Nimesema mara nyingi. Unene wenyewe si kipimo, wala ukubwa. Katika misitu ya Amerika ya Kati na Kusini yuko kereng'ende mwembamba aitwaye Megaloprepus caerulatus, ambaye mabawa yake yakitandazwa hufika sentimita 19 hivi toka ncha hadi ncha. Huko Asia yuko kereng'ende mnene, Nannophya pygmaea, ambaye mabawa yake yakitandazwa hayazidi sentimita 3 hivi. Juu ya hayo, picha ya karibu haina rula ndani yake: mdudu wa sentimita 3 anaweza kujaza kioo chote cha simu. Rangi nayo iache kando kabisa, maana buluu, kijani na nyekundu zimo kwa makundi yote mawili.

Vitu viwili ndivyo vya kutegemea: mabawa yanakaaje mdudu akiwa ametulia, na macho yameachana kiasi gani. Mabawa yanakupa jibu la haraka. Macho yanakupa jibu la kudumu, kwa sababu mabawa yanaweza kubadili mkao ndani ya dakika moja, lakini macho hayasogei kichwani.

Hatua ya kwanza: hakikisha mdudu ametulia kweli

Kanuni ya mabawa inahusu mdudu aliyepumzika. Anayeruka hana cha kukuambia hapa, na aliyetua sasa hivi bado anajiweka sawa. Kereng'ende wembamba wengine, wakishatua, hufungua mabawa na kuyafumba ghafla mara moja au mbili, kisha wakatulia. Picha ikinasa ile nusu sekunde ya kufungua, utaona mdudu mwembamba mwenye mabawa wazi na utachanganyikiwa bure.

Kwa hiyo, kama ulipiga picha kadhaa mfululizo, zipange kwa muda na uanze na ile ya mwisho kabla mdudu hajaondoka. Linganisha tatu au nne. Mabawa yakiwa vilevile katika zote, huo ndio mkao wake wa kupumzika. Kama una picha moja tu, tazama miguu: aliyetulia ameshika jani au tete kwa miguu yake, na mwili wake hauna ukungu wa mwendo. Upepo pia huyumbisha mabawa, hasa ukingoni mwa maji palipo wazi, na hapo bawa moja linaweza kuinuka peke yake huku mengine matatu yakibaki mahali pake. Hesabu yale matatu.

Hatua ya pili: soma mabawa, ukikumbuka ulisimama wapi

Kereng'ende mnene akipumzika hutandaza mabawa yote manne pembeni, kama ndege ya abiria iliyoegeshwa. Wengine huyasukuma mbele na kuyashusha kidogo, hata ncha za mabawa ya mbele zikawa chini ya usawa wa kichwa. Kereng'ende mwembamba huyakutanisha mabawa juu ya mgongo na kuyalaza kuelekea nyuma, sambamba na tumbo lile refu ambalo watu huliita mkia.

Kanuni ni nyepesi, lakini pembe ya kamera huivuruga, na hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Fikiria karatasi bapa. Ukiitazama kwa juu unaona upana wake wote, na ukiitazama kwa ukingo unaona mstari. Bawa ni vivyo hivyo. Ukimpiga kereng'ende mnene kwa juu, unapata umbo la msalaba. Ukimpiga ubavuni, kamera ikiwa usawa wake, mabawa yaliyotandazwa yanageuka mstari mwembamba au yanapotea kabisa, nawe unaweza kudhani yamefumbwa. Kwa kereng'ende mwembamba mambo hugeuka: kwa juu mabawa yaliyokutana ni mstari mmoja juu ya mgongo, na ubavuni ni kipande kipana kinachong'aa.

Basi jiulize kwanza: kamera ilikuwa juu yake, ubavuni, au mbele? Kisha uliza: upande huu, uso wa bawa ninauona au ukingo wake? Uso mpana unaoonekana kutoka ubavuni, ukiwa juu ya mgongo na kuelekea nyuma, unaashiria mabawa yaliyokutana. Uso mpana unaoonekana kutoka juu, pande zote mbili za mwili, unaashiria mabawa yaliyotandazwa. Mbele ya uso wa mdudu ndiko rahisi kuliko kote: mnene ana mikono miwili iliyonyooshwa, mwembamba hana kitu pembeni isipokuwa macho.

Kama pembe ilikuwa ya mshazari na huna uhakika, tazama shina la bawa, pale linapoungana na kifua. Kwa mnene, bawa la nyuma ni pana zaidi ya la mbele hapo shinani, na ndiyo maana kundi likaitwa wenye mabawa yasiyolingana. Kwa mwembamba, mabawa ya mbele na ya nyuma yanafanana, na kwa wengi wao yanabanana shinani mithili ya kijiko kinavyoingia kwenye mpini wake.

Hatua ya tatu: pima nafasi kati ya macho

Sasa kuza picha hadi kichwa kijaze kioo. Kichwa cha kereng'ende karibu chote ni macho, na tofauti ya makundi haya iko kwenye kilichobaki katikati.

Kwa kereng'ende wanene wengi, macho mawili yanakutana juu ya kichwa. Ukitazama kwa juu utaona mshono unaoyagawa, na kwa wengine mshono huo ni mrefu kiasi kwamba kichwa kinakuwa kofia ngumu ya mwendesha pikipiki. Kwa kereng'ende wembamba, macho yako pembeni kabisa, kila moja upande wake, na katikati kuna daraja pana la kichwa. Kwa mbele kichwa hicho ni kama kijiti kifupi chenye shanga mbili, moja kila ncha.

Usiishie kusema yameachana au hayakuachana. Pima, na kipimo ni jicho lenyewe. Chukua upana wa jicho moja, kutoka ukingo wa ndani hadi wa nje, kisha angalia upana huo unaingia mara ngapi katika nafasi iliyo kati ya macho. Ukiingia zaidi ya mara moja, huyo ni kereng'ende mwembamba. Nafasi ikiwa ndogo kuliko jicho moja, au macho yakigusana, ni mnene. Unaweza kupima kwa pikseli katika programu yoyote ya picha, au kwa ukingo wa karatasi ulioutia alama mbili za kalamu na kuuweka juu ya kioo.

Kwa nini nasisitiza kupima? Kwa sababu wako kereng'ende wanene wa familia ya Gomphidae ambao macho yao hayagusani. Mtu aliyekariri kwamba macho yaliyoachana ni ya mwembamba atawakosea kila mara. Nafasi yao ipo, inaonekana wazi, lakini ni nyembamba kuliko jicho. Mabawa yao yametandazwa kama ya wenzao wanene, na tumbo la wengi wao limevimba karibu na ncha kama rungu.

Kipimo hiki kinahitaji picha ya kutoka juu au mbele. Ubavuni huwezi kupima kitu, kwa kuwa jicho la karibu linaficha la pili. Na jihadhari na alama nyeusi inayoonekana ndani ya jicho, hasa lenye rangi ya kupauka. Inaonekana kama mboni, na inakutazama popote unaposimama. Si mboni. Ni vile vijicho vidogo vinavyounda jicho zima ambavyo vimeelekea kwako sawasawa, hivyo mwanga unazama ndani yake badala ya kurudi. Anayepima kati ya alama hizo mbili badala ya kati ya kingo za macho atapata nafasi kubwa isiyokuwepo. Vilevile, katikati ya kichwa kuna nukta tatu ndogo zinazong'aa. Hizo ni macho mengine madogo ya wadudu hawa, na hayahusiki na kipimo chetu.

Mfano: mabawa nusu wazi

Tuchukue picha moja ngumu tuifanyie kazi. Mdudu ana mwili wa kijani wenye mng'ao wa chuma. Ameshika tete kwa miguu na mwili wake umening'inia kwa mshazari, mkia ukielekea majini. Mabawa hayajakutana mgongoni, wala hayajatandazwa msalaba. Yamefunguka nusu, yameelekea nyuma na pembeni kama mkasi uliofunguliwa kidogo. Katika picha nne zilizofuatana, mkao ni huohuo.

Mabawa pekee yangetufikisha wapi? Anayefuata kanuni neno kwa neno atasema hayajafumbwa, kwa hiyo ni mnene. Lakini kamera ilikuwa juu kidogo, mbele ya mdudu, na kichwa kinaonekana vizuri. Tunapima. Jicho la kushoto lina upana wa pikseli 41, la kulia 40. Nafasi ya katikati ni pikseli 62. Gawanya 62 kwa 41, unapata 1.5. Jicho moja na nusu linaingia katikati, na huyu ni kereng'ende mwembamba bila shaka.

Kisha tunarudi kwenye mabawa kuona kama yanakubali. Shinani yamebanana, na la mbele na la nyuma ni ndugu wa umbo moja. Mkao wa nusu wazi nao unapata maelezo yake: familia ya Lestidae, iliyo ndani ya kundi la wembamba, hupumzika hivyo kwa desturi. Mng'ao wa chuma na kuning'inia kwa mshazari ni dalili zao pia. Ziko familia nyingine chache za wembamba zinazopumzika na mabawa wazi, na kwao wote macho ndiyo yanayokutoa gizani.

Zingatia kwamba nilipima macho yote mawili. Tofauti ya 41 na 40 inaonyesha kichwa kilikuwa kimeelekea kamera karibu sawasawa. Kama lingekuwa 41 upande mmoja na 25 upande mwingine, kichwa kimegeuka, na ningetafuta picha nyingine kabla ya kusema lolote.

Kosa lililonifundisha kuamini macho

Asubuhi moja nilipiga picha ya mdudu kwenye unyasi wa ukingoni, jua likiwa ndio kwanza linachomoza. Mabawa yake manne yalikuwa yamekutana juu ya mgongo, yaking'aa kama plastiki mpya. Nikaandika kereng'ende mwembamba, nikaendelea na mengine. Siku kadhaa baadaye nikaifungua tena kwenye kioo kikubwa. Chini ya miguu ya mdudu kulikuwa na ganda kavu la kahawia lililopasuka mgongoni, lenye miguu sita bado imeng'ang'ania unyasi. Mdudu alikuwa ametoka humo muda mfupi kabla. Nikakuza kichwa: macho yamefifia, ya rangi ya maziwa machafu, lakini yanagusana juu kwa mshono mfupi. Alikuwa mnene tangu mwanzo.

Karibu kereng'ende wote huishi utoto wao majini, kisha hupanda juu ya mmea na kujivua ngozi ya mwisho. Mnene akitoka, mabawa yake huwa yamekunjamana, halafu hujazwa maji ya mwili na kunyooka yakiwa yamekutana mgongoni kama ya mwembamba. Hukaa hivyo kwa muda, kisha huyafungua pembeni na kuondoka. Kuanzia hapo atayatandaza kila apumzikapo. Dirisha hilo ni fupi, lakini mpiga picha wa alfajiri hulikuta mara nyingi, kwa kuwa mdudu asiyeweza kuruka ndiye anayekubali kupigwa picha kwa utulivu.

Dalili za kumtambua ni tatu, na nikiona hata moja huacha kuyasikiliza mabawa: ganda kavu karibu yake, mng'ao wa mabawa kama nailoni mpya, na rangi za mwili zilizofifia kana kwamba zimeoshwa. Hapo macho ndiyo yenye neno.

Dalili zikipingana

Mabawa na macho yakisema mamoja, andika jina na uendelee. Yakipingana, fuata macho, mradi umeyapima kwa juu au mbele na kichwa hakijageuka. Kama kichwa hakionekani kabisa, shuka kwenye shina la mabawa, kisha ndipo uufikirie mwili.

Picha ya jozi ina msaada wa ziada. Dume humshika jike kwa ncha ya tumbo lake, na mahali anaposhika si pamoja: kwa wanene ni kichwani, nyuma ya macho, na kwa wembamba ni shingoni, mwanzoni mwa kifua. Macho yakifichwa na jani, kiungo hicho kinaweza kuwa wazi.

Pia hakikisha huyo ni kereng'ende. Mdudu mkubwa wa kitukutuku, yule ambaye mtoto wake huchimba vishimo vya mchangani kunasa sisimizi, ana mabawa marefu na mwili mwembamba, na huja kwenye taa usiku. Tazama vipapasio: vyake vimetokeza na vina ncha nene kama virungu, wakati vya kereng'ende ni vifupi kama unywele na havionekani hadi ukuze picha sana.

Kupiga picha inayopimika

Ukirudi bwawani, pima kabla ya kupiga, yaani jua unahitaji nini. Unahitaji picha mbili za mdudu mmoja: moja ya ubavu au ya juu inayoonyesha mabawa, na nyingine ya mbele au ya juu inayoonyesha kichwa. Anza kutoka mbali, mita mbili hivi, kwa kukuza lenzi, upate angalau picha ya mabawa asije akaondoka. Kisha sogea polepole ukiwa umeinama, kivuli chako kikiwa nyuma yako na si juu yake. Mnene akiruka usiondoke, maana wengi wao hurudi kwenye kijiti kilekile baada ya kuwinda, na wewe utakuwa umeshaelekeza lenzi hapo.

Mwembamba ana tabia nyingine, ninayoipenda kuliko zote. Ukimkaribia akiwa kwenye tete, huenda asiruke. Huzunguka taratibu na kujificha upande wa pili wa tete, mwili wake mwembamba ukifunikwa wote. Lakini macho yako mbali mno kufichika. Yanatokeza moja kushoto na moja kulia mwa tete, yakikuchungulia. Usihangaike kumfuata upande wa pili, atazunguka tena. Lenga hapohapo, ukiwa umeyaweka macho yote mawili sawa katika ukali wa picha, na upige. Picha ile haina mabawa wala tumbo, lakini nafasi kati ya macho inapimika, na tete lenyewe limekaa ndani yake.

Ukifika nyumbani ukakuta kichwa kina ukungu, mabawa yamepigwa ukingo na shina limefichwa na jani, andika Odonata tu kwenye lebo ya picha na uiweke hivyo.